Kumsalimia Usiyemjua Kituoni na Sokoni: Mwongozo kwa Mgeni wa Dar es Salaam

Kule Iringa nilikokulia, ukipishana na mtu njiani unamwambia "kamwene", naye anakujibu, na mkiwa na nafasi mnaulizana habari za nyumbani, za shamba na za mvua. Anayepita kimya ndiye anayetiliwa shaka. Wiki yangu ya kwanza Dar es Salaam nilifika kituo cha Mwenge saa 12 na nusu asubuhi, nikamsogelea dada mmoja aliyesimama peke yake, nikamwambia, "Habari za asubuhi, dada." Akajibu "salama". Mimi nikabaki pale pale ubavuni mwake, nikitabasamu. Dada akauvuta mkoba wake kutoka begani, akaukumbatia kifuani, akahamia upande wa pili wa nguzo.

Iliniuma. Ilinichukua miezi kuelewa kwamba kumsalimia halikuwa kosa. Nilisimama karibu mno, tena baada ya salamu nikanyamaza bila kuondoka. Mtu wa mjini akisalimiwa na asiyemjua, moyoni anajiuliza jambo moja tu: huyu anataka nini? Usipomjibu swali hilo mapema, atajijibu mwenyewe, na majibu aliyonayo si mazuri. Anawakumbuka waliomwanza kwa salamu tamu wakaishia kusema nauli imewaishia, wamepoteza simu, au wana madini wanatafuta mtu mwaminifu wa kuwashikia.

Kwa hiyo ichukulie salamu ya barabarani kama hodi. Unabisha ukiwa nje, unasubiri, na jibu ndilo litakaloamua kama unaingia au unaendelea na safari yako.

Kwanza, angalia kama mtu anasalimika

Kuna nyakati ambazo salamu nzuri kuliko zote itapokelewa vibaya. Kituoni ni pale gari linapoingia na watu wanaligombania. Kila mmoja ameshika mfuko wake, macho yako mlangoni, na yeyote anayemsemesha mwenzake saa hiyo anaonekana anamzuga ili mwingine achomoe. Wezi wa vituoni hufanya hivyo hivyo, kwa hiyo usimlaumu mtu akikupiga kiwiko. Subiri gari liondoke. Waliobaki wanashusha mabega, wanapumua, pengine mmoja anaguna, "Hili nalo limejaa." Hapo ndipo penye nafasi.

Usimwendee pia anayeongea na simu, hasa kama amesimama karibu na barabara. Watu wengi wamenyang'anywa simu na vijana wa pikipiki, na anayetokea nyuma ghafla anamshtua hata akiwa na Biblia mkononi. Aliyeziba masikio kwa spika za masikioni naye mwache. Amekwishakujibu kabla hujamsalimia.

Sokoni, usisalimie mtu anayehesabu hela. Mama wa genge akifungua pindo la khanga, au akitoa noti chini ya mfuko aliokalia, geuza uso uangalie bamia mpaka amalize. Na kama kuna mteja mbele yako, salimia kwa ufupi, "habari zenu", kisha ngoja zamu yako. Ukimkatiza mteja mwenye hela mkononi umemharibia mama biashara, na hatalisahau hilo hata ukinunua.

Kuna jambo la asubuhi mapema ambalo wageni hawalijui. Wauzaji wengi wanamtazama mteja wa kwanza wa siku kwa imani: akinunua bila kusumbua, siku itakuwa nyepesi, akipatana bei dakika 10 halafu akaondoka mikono mitupu, siku imeingiwa na mkosi. Amini usiamini, muuzaji anaamini. Kama ni alfajiri, na meza inaonekana bado haijaguswa, na wewe unataka kuulizia njia tu, ulizia meza ya pili, au nunua japo limau la mia moja au mbili ndipo uulize.

Pili, chagua pa kusimama

Nikiambiwa nitaje jambo moja tu, nitataja hili. Simama ubavuni kidogo, mbele ya macho yake, mbali kiasi kwamba ukinyoosha mkono hufiki kwenye mkoba wake. Usitokee nyuma, wala usimkabili uso kwa uso ukamzibia njia. Mikono ionekane. Anayeingiza mkono ndani ya koti huku akisema "samahani" ametengeneza picha mbaya mwenyewe.

Kwenye meza ya soko simama upande wa wateja, usizunguke kule anakokaa muuzaji hata kama kuna kivuli. Nyuma ya meza ndiko iliko hela, uji wake, na mara nyingi mtoto wake aliyelala kwenye kiroba. Ukifika pale bila kukaribishwa umeingia chumbani kwa mtu. Simu iache mfukoni. Anayesalimia huku kamera imeelekezwa kwenye bidhaa anahofiwa, na akiwa na shati lililonyooshwa na daftari kwapani anahofiwa zaidi, kwa sababu anafanana na mtu wa ushuru. Wafanyabiashara wadogo wa Dar es Salaam wamekwishahamishwa mara nyingi. Wengi wanakumbuka mwaka 2021, wamachinga walipoondolewa kando ya barabara na kupangiwa maeneo mengine. Kwa hiyo kabla hajaipokea salamu yako, anatafuta kwanza kujua wewe ni nani.

Mkono usiutangulize. Kijijini tunashikana mikono, tena kwa muda mrefu, lakini huku pwani mwanamume kumnyooshea mkono mwanamke asiyemjua kunaweza kumtia aibu, na akiwa Mwislamu anayejihifadhi hataupokea. Kiganja kifuani au kichwa kuinama kidogo kunatosha. Yeye akinyoosha wake, pokea.

Tatu, neno lenyewe

Kanuni ya zamani ni kwamba mdogo humwanza mkubwa, na ajaye huwaanza aliowakuta. Adabu ya Kiislamu iliyoenea pwani inasema hivyo hivyo: anayetembea humsalimia aliyekaa, na wachache huwasalimia wengi. Wewe uliyefika kituoni ndiye ajaye, usingoje kuanzwa.

Kwa mtu wa umri wa wazazi wako, "shikamoo" haina mpinzani. Wakiwa wengi, wengine husema "shikamooni". Iambatanishe na jina la heshima: "Shikamoo, mama," "Shikamoo, mzee." Faida yake kwa usiyemjua ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Shikamoo inamweka mtu mahali pa mzazi, na akisema "marahaba" amekubali kukaa hapo. Shaka inapungua papo hapo, kwa kuwa ni vigumu kumdhania ubaya mtu aliyekuita mzazi.

Tatizo ni walio katikati. Dada wa miaka 35 ukimpa shikamoo nawe una 28, anaweza kukukazia macho na kujibu, "Mambo?" maana yake umemzeesha. Ukiwa na shaka na umri, tumia salamu ya saa: "Habari za asubuhi, dada," "Za jioni, kaka." Haina umri, haina dini, haina mtego.

"Mambo", "vipi" na "oya" ni za rika na za watu mnaofahamiana. Kijana kumwambia dada asiyemjua "mambo" kituoni, hata kwa nia safi, kunasikika kama mwanzo wa kutongoza. Ameisikia mara 4 tangu ashuke kwenye bodaboda, na wote 4 walikuwa na nia moja. Mrembo, mchumba, mpenzi, zote ziache. "Dada" inatosha. Na dada akimsalimia mwanamume, "kaka" au "baba" inamwekea mpaka mapema.

Salamu za dini zina heshima yake, lakini usikisie dini kwa mavazi. "Asalaam aleikum" ni ya kawaida kabisa Kariakoo na Magomeni, na ukipewa ijibu, "Waaleikum salaam," hata kama wewe ni Mlutheri. Kuianzisha wewe kwa sababu tu umeona baibui, au kumwambia mtu "Bwana asifiwe" kwa sababu umeona msalaba shingoni, kunaweza kukugeukia. Matapeli nao wanajua kuangalia mavazi.

Kwa mtu aliye kazini kuna neno ninalolipenda kuliko yote: "Pole na kazi." Muuza mahindi aliyechomwa na moshi, mama ntilie, kuli aliyebeba gunia, wote huitikia vizuri. "Habari za biashara" nayo inafaa, ila jiandae kupewa habari zenyewe, tena kwa kirefu.

Nikitoka Dar kidogo: Zanzibar, pale Darajani, "asalaam aleikum" ndiyo inayofungua meza nyingi, na ukiruka moja kwa moja kwenye bei unaonekana huna malezi. Mombasa shikamoo inaeleweka vizuri. Nairobi ukimpa mtu shikamoo kwenye steji ya matatu huenda akacheka na kukuuliza umetoka Tanzania lini. Huko "habari yako" inatosha.

Nne, sababu ifuate kwa pumzi hiyo hiyo

Hapa ndipo nilipoanguka Mwenge. Salamu kwa usiyemjua iwe na mkia. Akijibu tu, mwambie unachotaka, kwa sentensi moja, na kiwe kitu ambacho hakimgharimu hela, simu wala kutoka alipo.

Swali bora la kituoni ni lile ambalo aliyekutangulia ndiye anayejua jibu lake: "Shikamoo, mama. Eti la Tegeta limeshapita?" Ni swali la kweli, jibu lake ni neno moja, na linakutambulisha: wewe ni abiria kama yeye, unaelekea Tegeta. Swali baya ni lile ambalo jibu lake limeandikwa kwenye paji la daladala mbele yenu. Ukiuliza "hili linaenda wapi?" nalo limeandikwa kwa herufi kubwa, ataona unatafuta kisingizio. Kama husomi kwa mbali, sema hivyo: "Macho yangu hayaoni vizuri, hilo limeandikwa wapi?"

Epuka "samahani, naomba nikuulize kitu" halafu ukanyamaza. Maneno hayo yametumiwa na kila tapeli wa jiji hili, na ule ukimya baada yake ndio unaowatisha watu. Ulizia kitu chenyewe. Na mwanzo usiombe simu ("nipigie mara moja tu"), usiombe akushikie mzigo, usimuulize anaishi wapi wala anashukia wapi. Hilo la mwisho linaonekana dogo, lakini kwa mwanamke aliye peke yake jioni ni swali zito. Kama unataka kujua njia, taja unakoshukia wewe: "Mimi nashukia Tangi Bovu, ni kabla au baada ya Afrikana?"

Kama huna sababu yoyote, umesalimia kwa sababu ndivyo ulivyolelewa, hilo nalo linaruhusiwa. Salimia ukiwa unapita au ukiwa unatafuta pa kusimama, kisha geuza uso kwingine. Kitendo cha kugeuka ndicho kinachosema, "sina neno".

Tano, sikiliza jibu, si maneno yake bali urefu wake

"Salama." Kimya. Macho barabarani. Hilo ni jibu la heshima na ni mlango uliofungwa. Usibishe mara ya pili kwa "mbona umenuna?" au "za tangu asubuhi?"

"Salama, sijui wewe?" Mlango uko nusu. Uliza ulilotaka kuuliza, shukuru, uone.

"Salama, za kwako? Ah, leo magari shida, niko hapa tangu saa 12." Huyu amekukaribisha mwenyewe. Mnaweza kuongea mpaka Tegeta.

Sauti nayo inasema. "Marahaba" ya haraka isiyo na kituo ni tofauti na "marahabaa" ya kuvutwa ambayo huja na "hujambo, mwanangu?" Lakini kipimo ninachokiamini zaidi ni mwili. Akihamisha mkoba upande wa pili, akirudi nyuma hatua, akitoa simu ambayo haijalia, umekwishajibiwa hata kama mdomo unacheka. Wewe nawe rudi hatua moja. Mara nyingi hiyo hatua moja inamtuliza kuliko maelezo yoyote. Kujitetea, "mimi si mtu mbaya, dada," ndilo kosa kubwa. Hakuna aliyekuwa amekutuhumu kwa sauti, sasa umeleta neno hilo wewe mwenyewe.

Watoto

Mtoto wa shule akikupa shikamoo kituoni, mjibu "marahaba, hujambo?" na uishie hapo. Usimuulize jina, shule, wala anakaa wapi; usimpe pipi. Kama yuko na mtu mzima, msalimie mtu mzima kwanza. Wazazi wanaowafundisha watoto kutokujibu wasiowajua wako sahihi, kwa hiyo mtoto akikunyamazia usimwite hana adabu.

Stendi za mabasi ya mikoani ni habari nyingine

Kwenye stendi kubwa ya Magufuli, Mbezi Luis, kanuni nusu zinapinduka. Pale anayekusalimia kwa uchangamfu mara nyingi ni mpiga debe, na "karibu, kaka, Mwanza, Arusha?" hufuatiwa na mkono kwenye begi lako. Ndiyo maana wasafiri wanatembea wakiangalia mbele na hawaitikii. Usiwahesabu kuwa wana kiburi, na usimsalimie anayetembea. Msalimie aliyekaa na mizigo yake imeshawekwa chini, ukiwa nawe umeweka wako. Mtu mwenye begi miguuni anafanana na msafiri, na msafiri hatishi.

Asubuhi moja Tandika

Nieleze jinsi mambo yanavyokwenda yakienda vizuri. Mwaka jana nilikuwa natafuta fundi wa vyerehani ndani ya soko la Tandika, sijui aliko. Niliona mama wa makamo nyuma ya mafungu ya nyanya, amejifunga khanga, anapanga. Alikuwa na mteja. Nikasimama pembeni ya meza mpaka mteja akapewa chenji.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, karibu nyanya, baba."

Hakuniangalia, anapanga tu. Hilo si jibu baya, ndiyo sauti ya kazi. Nikasema, "Pole na kazi. Fungu la elfu nipe moja." Akainua uso. Wakati anaweka kwenye mfuko nikaongeza, "Eti mama, mafundi vyerehani wamekaa upande gani siku hizi?"

"Wa kushona au wa kutengeneza?"

"Wa kutengeneza."

Akanitazama vizuri kwa mara ya kwanza, akanielekeza kwa kidevu: fuata safu ya mitumba mpaka wauza kuku, halafu uliza mzee fulani. Kisha akasema neno ambalo huwezi kulinunua: "Mwambie umetumwa na mama nyanya." Sasa nilikuwa na jina la kwenda nalo, na salamu yangu kwa fundi haikuwa tena ya mtu asiyejulikana.

Nilinunua kwa sababu nyanya nilizihitaji kweli. Nisingezihitaji, ningeuliza tu, tena kwa ufupi, na ningeaga kwa "asante mama, biashara njema." Nisingesema "nitarudi". Wauzaji wameisikia hiyo mara elfu na wanajua maana yake, hivyo ukiitumia unaonekana mdanganyifu mdogo pasipo sababu.

Kuaga

Mlioongea kituoni, gari likija, aga kabla ya kupanda: "Haya mama, safari njema." Halafu chagua kiti chako bila kumfuata. Kama kiti kilichobaki ni cha pembeni yake, muulize, "Hapa kuna mtu?" ingawa unaona hakuna. Akishuka kituo chako hicho hicho, mwache atangulie. Simama ufunge kamba ya kiatu, ununue maji, fanya chochote, ila usitembee hatua tatu nyuma yake gizani.

Kesho yake mkikutana tena pale pale, yeye ndiye atakayekuanza. "Leo nalo limechelewa," atasema, bila hata salamu.